Ganda la Haragwe Chini ya Kifuniko

Neno lenyewe lilisemwa mezani, mbele ya mkwe, na hapo ndipo lilipochoma.

"Baba, kuanzia leo jiko hulishiki. Chai nitakuachia kwenye chupa, na uji nitakupikia mimi."

Binti alisema hivyo akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mkoba tayari begani. Nyuma yake lilionekana jiko la gesi, lile la kioo cheusi lenye vichwa vinne vya moto, ambalo siku liliponunuliwa majirani waliitwa kulitazama kama vile kumezaliwa mtoto. Kichwa kikubwa kilikuwa kinawaka nusu. Upande mmoja ndimi za buluu zilisimama vizuri, upande wa pili palikuwa kimya kabisa, na katikati ndimi mbili tatu za manjano ziliruka na kutua. Kukizunguka, juu ya kioo, kitu kilichofurika jana kilikuwa kimeungua na kugandamana, duara la kahawia lenye kingo nyeusi.

"Mimi uji wangu napikia kichwa kidogo," alisema mzee.

"Baba, usianze."

"Sianzi. Nakwambia nilikopikia."

"Kitu kinafurika, moto unazimika, gesi inaendelea kutoka. Jiko hili halijifungi lenyewe. Siku moja tutarudi tukukute umelala hapo, au tusikukute kabisa, wewe na jengo zima."

Mkwe alicheka. Alikuwa muuza bima, mtu mpole, mwenye mazoea ya kucheka hata pale ambapo hakuna kichekesho, maana kazi yake ilimfundisha kwamba mtu akicheka hafukuzwi mlangoni. Akasema mzee apumzike tu, ale vya kuletewa, wenzake wangapi wanatamani maisha hayo. Binti akazima jiko, wakatoka wote wawili, yeye kwenda kwenye meza yake ya mapokezi zahanatini, mume kwenda kwa wateja wake. Mlango ukafungwa. Mzee akabaki na chupa ya chai.

Alikaa akiitazama ile chupa kwa chuki. Chupa haikuwa na kosa, lakini ndiyo iliyokuwa karibu.

Watu wa rika lake walimwita Fundi Kupampu. Ujana wake wote na utu uzima wake wote aliupitisha barazani penye soko, kwenye benchi lake, akitengeneza majiko ya mafuta ya taa, yale ya shaba ya miguu mitatu yanayopigwa pampu mpaka yangurume. Wanawake waliyaleta yamebebwa kwenye kanga kama wagonjwa. Mengine yaliziba, mengine yalitoa moshi, mengine yalivuja. Hakuna aliyeambiwa akanunue jipya. Fundi aliwasha, akasikiliza mngurumo huku jicho moja limefumba, akajua. Jiko likirudi nyumbani lilisuguliwa kwa majivu na ndimu hadi mtu ajione uso, likawekwa mahali pake, na mtoto akiligusa alichapwa.

Na nyumbani kwake mwenyewe palikuwa na sheria moja tu ya jikoni, ya marehemu mkewe. Anayewasha ndiye anayekaa. Ukiwasha moto, una kigoda chako hapo. Mgeni akibisha, anaingia kukufuata jikoni. Ukiitwa, unaitikia hapo hapo ulipo. Mkewe aliwahi kumwambia shemeji yake mkubwa, mtu wa heshima zake, azungumze habari za posa akiwa amesimama karibu na sufuria ya maziwa, kwa sababu maziwa hayajui posa. Binti huyu aliyesema leo hulishiki, alikulia kwenye kigoda hicho.

Sasa watu wanawasha moto wanaondoka. Wanawasha moto wanakwenda kuoga, wanawasha moto wanakwenda kuzungumza na simu chumbani, mlango umefungwa, halafu wakirudi wanauliza nani kamwaga. Wakiambiwa walipie kioo, watalipia. Kukaa kando ya sufuria ndiko kunakowashinda.

Fundi akainuka. Hakuinuka kwa sababu ya usafi. Aliinuka kwa hasira. Jiko litasafishwa, alijisemea, litang'aa, na kila kichwa kitawaka duara zima, na jioni huyu binti ataliwasha kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya mumewe, aseme tena kwamba baba yake hajui jiko.

Alianza kwa kufunga gesi kwenye mtungi, sio kwenye kitufe cha jiko peke yake. Akagusa kioo kwa nyuma ya vidole. Kilikuwa bado na uvuguvugu, akasubiri kipoe. Kioo cha moto ukikitupia kitambaa cha maji baridi kinaweza kupasuka, na ukipasua kioo umewapa watu sherehe. Kilipopoa akanyanyua vyuma vya kuwekea sufuria, akaviweka kwenye beseni. Akatoa kifuniko cheusi cha kichwa kikubwa, kile cha mviringo kinachokaa juu kama kofia, kisha pete ya alumini iliyo chini yake, yenye mianya pembeni ambamo moto hutokea. Kifuniko kiligoma kidogo, kimegandishwa na uchafu, kikatoka kwa mlio.

Kioo alikishughulikia kwa taratibu. Alinyunyiza soda ya kuokea juu ya lile duara, akalilazia kitambaa kilicholowa maji ya moto na kukamuliwa, akakiacha hapo. Uchafu ulioungua haugombwi, unaloweshwa. Lakini alipoinama na kutazama kwa mwanga wa dirishani, aliona kwamba kuna aliyekwisha kuugomba: mikwaruzo myembamba, duara ndani ya duara, alama ya waya wa kusugulia sufuria. Mtu alikuwa amepita hapo jana kwa haraka, akasugua mara chache, akaona hautoki, akaacha.

"Hata kusugua hamjui," aliliambia jiko.

Alipoinua kitambaa, uchafu ulikuwa umelainika. Akatafuta kadi ya plastiki, akapata kwenye droo kadi ya benki ya binti iliyokwisha muda wake, akakwangua nayo kutoka pembeni kwenda katikati, ukoko ukatoka kwa magamba. Mahali palipobaki weusi uliokaidi alichukua wembe kwenye kishikio chake, akaulaza karibu ubapa na kioo chenye unyevu, akasukuma kwa upole, mbele tu, bila kurudi nyuma. Kisha maji safi, kisha kitambaa kikavu. Mikwaruzo ilibaki. Hiyo haitoki tena, itakaa hapo hadi jiko life.

Kifuniko na pete aliviweka kwenye maji ya moto yenye sabuni. Soda hakuitia humo, kwa sababu alumini ikikutana na soda hubadilika rangi ikawa na weusi. Wakati vinaloweka, akachungulia upande wa ndani wa kifuniko, na hapo akaona kitu.

Kilikuwa kimegandia chini, mahali ambapo macho ya mtu mwenye haraka hayafiki. Kidogo, chembamba, cha rangi ya damu ya mzee, kimejikunja kama ukucha. Akakitoa kwa ncha ya kisu, akakiweka kwenye kiganja, akasogea dirishani.

Ganda la haragwe.

Akarudi kwenye pete. Kwenye mianya ile iliyoziba, upande ule ule usiowaka, mlikuwa na maganda mengine mawili, yamebanwa na ute wa mchuzi ulioungua. Uji hauna maganda. Yeye jana hakupika maharage, na hata kula hakula, kwa sababu maharage yaliletwa mezani yakiwa yananukia kuungua na binti akasema ni sufuria mbaya.

Alisimama pale na ganda kiganjani, na hasira yake, ambayo hadi hapo ilikuwa ya mtu aliyeonewa bila kujua na nani, ikapata anwani. Kumbe binti alijua. Aliyepitisha waya juu ya kioo ni yeye, aliyechelewa kutoka chumbani ni yeye, na asubuhi akasimama mlangoni na mkoba wake begani akamtwika baba yake lawama, mbele ya mume.

Fundi akachukua kisahani kutoka kabatini, kile chenye maua ambacho kilikuwa cha wageni. Akayapanga maganda yote matatu katikati. Akafunika kwa kisahani kingine. Akakiweka mezani, mahali pa binti pa kukaa.

Kuanzia hapo mikono yake ilikuwa inafanya kazi na kichwa chake kinatoa hotuba. Aliisugua pete kwa mswaki wa zamani, mwanya kwa mwanya, na hotuba iliendelea. Iliyoziba zaidi aliizibua kwa waya laini, wala sio kijiti cha meno, maana kijiti hukatikia ndani kikawa tatizo la pili. Akaisuuza, akaitikisa, akaikausha kwa kitambaa, akaipuliza kila mwanya, akaiacha juani dirishani, kwa sababu pete yenye maji ndani huwaka kwa kukohoa au isiwake kabisa. Hata hapo mambo yalikuwa sawa. Angeweka vitu mahali pake na angekunywa chai yake.

Lakini alipochungulia ndani ya shimo ambamo pete hukaa, aliona kwamba mchuzi umefika chini. Chini kabisa mna nozeli, kipande cha shaba nyeupe kama kofia ya kidoli, chenye tundu moja jembamba katikati. Humo ndimo gesi inamotokea. Juu ya tundu palikuwa na tone kavu, jeusi.

Yeyote aliyepata kukaa kwenye benchi lake anajua alichofundisha wanafunzi wake. Nozeli unaifungua kwanza, unaitoa nje, unailoweka, unaipuliza. Ukilazimika kupitisha kitu, kiwe chembamba kuliko tundu, kipite chenyewe. Usisukume. Usizungushe. Tundu limepimwa kiwandani, na ukilipanua hata kwa unywele hulirudishi. Kijana aliyesukuma alifukuzwa siku hiyo hiyo, na mama yake akija kuomba, alifukuzwa pia.

Fundi hakuifungua. Spana ilikuwa chumbani chini ya kitanda, kwenye sanduku, na kuinama chini ya kitanda kulimaanisha magoti, na magoti yake yalikuwa na maneno yao. Akachukua ile pini ya majiko ya kupampu aliyokuwa akitembea nayo mfukoni miaka na mikaka, kama wengine wanavyotembea na ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Akaielekeza kwenye tundu. Huku hotuba ikiendelea: mbele ya mkwe, mbele ya mtu niliyempa mkono wa binti yangu mwenyewe, ananiambia hulishiki. Pini ilikuwa imeota kutu. Aliposema hulishiki, mkono ukasukuma, na ncha ikakatikia ndani.

Hapo mtu mwenye akili angesimama. Angetembea taratibu hadi chumbani, angepiga magoti, angeleta spana. Fundi alikwenda kwenye kikapu cha ushonaji cha binti, akatoa sindano ya cherehani, nene, ngumu, akaiingiza akaizungusha. Aliizungusha kama mtu anayefungua mlango uliofungwa kwa makusudi dhidi yake. Ncha ya pini ikadondoka upande wa ndani, na sindano ikaingia yote. Iliingia kwa urahisi. Urahisi huo aliusikia kwenye vidole, na vidole vilijua kabla yake.

Alikusanya jiko, akaweka pete, akahakikisha imekaa kwenye vijino vyake, akaweka kifuniko, akafungua mtungi, akawasha.

Moto uliruka. Haukuwa duara, ulikuwa mkia, mrefu, wa manjano, unaoyumba na kutoa moshi kwenye ncha. Akaweka sufuria ya maji makusudi ili aone, ingawa alikuwa ameshaona. Muda mfupi tu ubavu wa sufuria ukawa mweusi kama chungu cha kuni.

Akazima. Akakaa kwenye kiti. Kile kisahani kilichofunikwa kilikuwa mbele yake na sasa hakikumfurahisha. Alikuwa amesingiziwa kuharibu jiko asiloliharibu, na kabla mchana haujaingia akawa ameliharibu kweli, kwa mikono ambayo soko zima liliiamini. Jioni binti atakuwa na haki. Hilo ndilo lililomtia wazimu: haki itakayomjia bila kuitolea jasho.

Alikwenda chumbani, akapiga magoti, magoti yakasema yaliyokuwa nayo, akatoa spana. Akafunga mtungi tena, akafungua nozeli, ingawa kwa kuchelewa, akagonga bomba kwa chini kidogo ncha ya pini ikatoka kwenye kitambaa. Akaifunga nozeli kwenye leso, akavaa viatu, akashuka ngazi.

Kwenye duka la majiko mapya alipokelewa na kijana aliyevaa fulana yenye nembo, ambaye alianza kumwonyesha majiko kabla hajafungua mdomo. Hili lina vioo viwili, hili linajiwasha, hili ni la kisasa zaidi. Fundi akafungua leso juu ya kaunta.

"Nataka hii. Nambari yake iko ubavuni hapo."

Kijana akaigeuza, akaitazama kama mtu aliyeletewa jino. "Vipande hatuuzi, mzee."

"Majiko mnauza?"

"Majiko tele."

"Na ndani ya majiko hakuna vipande?"

"Vimo, lakini vinakuja na jiko lake." Kijana alicheka, bila ubaya. "Siku hizi likizingua unachukua jipya tu, babu. Hata wateja wenyewe hawataki usumbufu. La zamani wanatuachia hapo nyuma."

"Wapi?"

Akaonyeshwa uwanja wa nyuma ya duka. Fundi alipopita ule mlango alisimama.

Majiko yalikuwa yamerundikwa hadi usawa wa kifua. Ya kioo, ya bati, ya vichwa viwili, ya vichwa vinne. Kijana alikuwa amemfuata, akaeleza kwamba mtu wa vyuma chakavu hupita kuyachukua. Fundi akauliza yamekufa kwa ugonjwa gani. Kijana akasema hayawaki vizuri. Fundi akalishika la kwanza, akanyanyua kifuniko: wali, umekauka kwenye mianya kama saruji. La pili: maziwa. La tatu lilikuwa na mchuzi wa nyanya, na kioo chake hakikuwa na ufa hata mmoja. La nne lilikuwa la aina ile ile ya binti, vichwa vinne, kioo cheusi, na mtu alikuwa amezungushia vichwa vyote karatasi ya alumini ya jikoni ili visichafuke, karatasi ikajikunja ikaingia chini ya pete na kuziba njia ya hewa, na badala ya kuitoa, akalitupa jiko.

"Hili halina ugonjwa," alisema Fundi.

"Halikuwa linawaka, babu."

"Halikuwa linaoshwa."

Kijana hakuwa na kosa, alikuwa amezaliwa akakuta dunia iko hivyo. Lakini Fundi alimtazama kwa hasira kana kwamba ni yeye aliyevunja benchi lake la sokoni, akaondoa baraza, akaweka mahali pake duka la vioo. Akauliza kama anaweza kuchukua nozeli moja. Akaambiwa achukue hata jiko zima, ni takataka. Neno hilo takataka alilimeza kama kidonge kisicho na maji. Akapiga magoti kwenye vumbi, mara ya pili siku hiyo, akatoa pete ya kichwa kikubwa, akafungua nozeli kwa spana, akaisogeza karibu na jicho. Nambari ilikuwa ile ile. Tundu lilikuwa zima, la mviringo, safi kama siku ilipotoka kiwandani. Hakuna sindano iliyolipitia.

Aliporudi nyumbani jioni akakuta viatu vya binti mlangoni.

Binti alikuwa ameketi mezani, mahali pake. Kisahani cha juu kilikuwa kimeondolewa. Maganda matatu yalikuwa mbele yake juu ya maua ya wageni, na jikoni nyuma yake lile shimo la kichwa kikubwa lilikuwa wazi, kifuniko huku, pete kule, na sufuria nyeusi kando.

"Umeniwekea ushahidi, Baba," alisema. "Umeufunika kabisa, kama polisi."

Fundi akaingiza mikono mifukoni. Alikuwa na nafasi. Nozeli nzuri ilikuwa mfuko wa kulia, mbovu ilikuwa mfuko wa kushoto, na binti hakujua hata kwamba kuna kitu kinaitwa nozeli. Angeweza kuingia jikoni kimya, akaifunga, akawasha, moto ukawaka buluu, na maganda yakabaki mezani yakisema peke yao. Alitaka kufanya hivyo. Alitaka sana.

Akatoa ile mbovu, akaiweka kwenye kisahani pamoja na maganda.

"Maganda ni yako," alisema. "Hii ni yangu. Nimeiharibu leo, kwa sindano yako ya cherehani. Ilikuwa wazi kwamba mchuzi wako ungetoka kwa maji na subira. Mimi nikasukuma."

Binti aliitazama. "Kwa hiyo jiko umeliua."

"Nimepata nyingine. Litapona. Sasa useme na wewe."

"Niseme nini?"

"Mama, usinichezee."

Alikuwa na desturi ya kumwita mama, kwa heshima ya bibi ambaye binti alirithi jina lake, na hakuliacha hata alipokasirika, ila sauti ilibadilika. Binti akayasukuma maganda kwa ncha ya kidole, moja baada ya jingine, hadi ukingoni mwa kisahani.

"Nilijua," alisema hatimaye. "Nilijua ni maharage. Nilikuwa na simu, wale wa kazini, mazungumzo hayakwisha. Nimetoka nakuta moto umezimika na gesi imejaa jikoni, Baba. Imejaa. Nimefungua madirisha yote. Halafu asubuhi mume wangu anauliza jiko lina nini. Ningesemaje mbele yake? Kwamba nilitaka kutuchoma?"

"Ukaona useme mimi."

"Nikaona wewe hata ikisemwa… watu wanajua mzee husahau."

"Na mbele yake mimi ni nani?"

Binti akageuza uso. Naye alikuwa na hasira iliyovimba kwenye mashavu, ile ya mtu aliyekamatwa na ambaye angependa aliyemkamata awe na kosa kubwa zaidi. Akasema baba alitaka tu kumwaibisha, tangu asubuhi alikuwa anapika jambo. Akasema mama alikuwa mkali vilevile, lakini mama hakuwawekea watu vitu kwenye visahani. Fundi akasema mama yake asingehitaji kisahani, kwa sababu mama yake alikuwa haondoki kwenye sufuria. Wakasemeshana hivyo, sauti zikipanda, hadi majirani wa juu wakasogeza kiti ili wasikie vizuri, mlio wake ukasikika darini, na wote wawili wakanyamaza kwa wakati mmoja.

Kisha Fundi akaingia jikoni. Binti akamfuata, mikono kifuani. Mtungi ulikuwa umefungwa. Alikaza nozeli mpya kwa mkono kwanza, ikashika uzi wake, kisha kwa spana, kidogo tu, asiikabe. Akaweka pete kwenye vijino vyake, akaizungusha kulia na kushoto hadi ikatulia. Akaweka kifuniko. Akafungua mtungi, akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira, akatazama kama linachemka. Halikuchemka. Akasogea pembeni, akamwachia nafasi.

"Washa wewe."

Binti akawasha. Moto ulitoka kwa sauti ndogo, ukazunguka pete yote, buluu, mfupi, hakuna mwanya uliokaa bure. Hakuna aliyesifu. Binti akachukua sufuria, akaiosha ule weusi kwa kishindo kikubwa kuliko ilivyohitajika, akatia maharage mengine aliyokuwa ameyaloweka, akatia maji, akayabandika. Akafika mlangoni.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Fundi.

Alisimama. Yeye na baba yake wakatazamana. Kisha akavuta kigoda cha plastiki kutoka chini ya meza, akakisogeza karibu na jiko, akakaa, kwa ghadhabu, kama mtu anayetumikia kifungo. Fundi naye akakaa kwenye kiti chake, upande wa pili. Maharage yakaanza kupiga povu, kifuniko cha sufuria kikaanza kucheza. Binti akakisogeza kuacha mwanya, akapunguza moto, povu likashuka.

Simu ikaanza kutetemeka mezani, huko sebuleni. Ikaita, ikakatika, ikaita tena. Binti alitikisa mguu lakini hakuinuka.

Mlango ukafunguliwa, mkwe akaingia na cheko lake la mlangoni. Akaiona simu inavyozunguka mezani yenyewe, akaichukua, akaja nayo jikoni. "Unaitwa huku, kazini. Mbona hupokei?"

"Nimewasha jiko," alisema binti. Alisema akiangalia sufuria. "Jana niliwasha nikaondoka. Maharage yakafurika, moto ukazimika, gesi ikajaa jikoni, na leo asubuhi nikamsingizia Baba. Yeye hakumwaga chochote."

Mkwe akacheka, kwa mazoea. Hakuna aliyecheka naye, akaona mwenyewe, akafunga mdomo na kubaki ameshika simu iliyokuwa bado inaita.

"Kesho uji napika mimi," alisema Fundi.

Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuwa ameomba.